Ukumbi Hujaa kwa Hesabu, Si kwa Viti: Waandaaji wa Walima na Mahafali Waalike Watu Wangapi?

Siku ya Idd el-Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika msongamano wa ukumbi wa disko. Walikuwa wamekwenda kusherehekea sikukuu, na ukumbi ulikuwa umejazwa kupita uwezo wake. Tangu siku ile, kila mzazi anayempeleka mwanawe kwenye hadhara ya watu wengi ana haki ya kuuliza: nani aliyehesabu, na alihesabu kwa kipimo gani?

Swali hilo lina upande wa pili. Mwandaaji aliyeingiwa na hofu hufunga orodha mapema, akazirudisha familia zilizotaka kuja, kisha siku ya shughuli robo ya viti ikabaki mitupu kwa sababu waliothibitisha hawakufika. Kujaza kupita kiasi ni hatari, na kurudisha watu bila sababu ni kuwanyima nafasi iliyokuwapo. Makosa yote mawili huepukika kwa kutenganisha hesabu tatu: ya sakafu, ya milango, na ya wasiofika. Mbili za kwanza huweka kikomo kisichovukwa. Ya tatu husaidia kujua tu ni familia ngapi zialikwe chini ya kikomo hicho.

Tuchukue ukumbi wa mfano wa kukodi mjini Mbeya, wa aina inayopatikana katika miji mingi ya Nyanda za Juu Kusini. Urefu wake ni mita 20 na upana mita 12, yaani mita za mraba 240. Jukwaa linachukua mita za mraba 36. Meza za chakula, pamoja na nafasi inayopaswa kubaki wazi mbele ya milango, zinachukua 24 nyingine. Zinazobaki kwa wageni ni mita za mraba 180.

Idadi ya watu wanaoenea hapo hutegemea watakavyokaa. Viti vikipangwa safu kwa safu, pamoja na njia za kupitia, ni busara kumhesabia kila mtu mita moja ya mraba, hivyo ukumbi huu utachukua watu 180. Wakikaa kuzunguka meza ili wale pilau, kila mmoja huhitaji kama mita moja na nusu, na idadi inashuka hadi 120. Ndiyo maana jibu la mwenye ukumbi kwamba “unachukua mia mbili” halitoshi. Muulize: mia mbili wamekaaje?

Hesabu ya pili ni ya milango, na wengi huisahau. Ukumbi wetu una mlango mkuu mpana mbele, mlango wa ubavuni wa sentimita 90, na mlango wa nyuma wa upana huohuo ambao siku zote umefungwa kwa kufuli. Kanuni inayofuatwa na wasanifu majengo ni hii: chukulia kwamba mlango ulio mpana kuliko yote hautumiki, kwa kuwa moto unaweza kuanzia hapohapo, kisha uangalie iliyobaki inaweza kutoa watu wangapi. Kwa mwongozo wa Uingereza, ambao tunautumia hapa kama kielelezo, mlango wa upana wa sentimita 85 unatosha watu 110, na wa sentimita 105 unatosha watu 220. Aidha, chumba chenye mlango mmoja tu wa kutokea hakipaswi kuwa na watu zaidi ya 60.

Sasa tazama. Ukiondoa mlango mkuu, na wa nyuma ukiwa na kufuli, unabaki mlango mmoja wa ubavuni unaotosha watu 110. Sakafu ilisema 180, lakini milango inasema 110, na idadi ndogo ndiyo hukumu. Kufuli likifunguliwa na njia ya nje ikaondolewa masanduku na viti vilivyovunjika, milango miwili inayobaki inatosha watu 220, na kikomo kinarudi kwenye 180 ya sakafu. Kufuli moja lilikuwa likiwanyima nafasi watu 70. Kwa hiyo, kabla ya kupunguza wageni, kagua milango kwanza. Kagua pia inafungukia upande gani: mlango unaofunguliwa kwa kuvutwa ndani hauwezi kufunguka pale umati unapousukuma.

Katika shughuli zetu kuna jambo jingine linalobadilisha hesabu hii, nalo ni kizuizi kati ya wanaume na wanawake. Kikiwa cha mbao kutoka ukuta hadi ukuta, ukumbi mmoja umegeuka kuwa vyumba viwili, na kila chumba kina kikomo chake. Upande uliobaki na mlango mmoja tu haupaswi kuzidi watu 60, hata kama sakafu yake ingetosha 100. Mara nyingi upande huo ni wa akina mama, ambao ndio wenye watoto wengi. Suluhisho ni rahisi: pazia jepesi la kitambaa, lenye uwazi wa kupita kwenye ncha zake mbili, lisilofungwa chini wala kukazwa kwa waya. Stara inabaki, na kila mtu anaweza kuufikia kila mlango. Watoto nao wahesabiwe wote, hata mchanga aliyebebwa, kwani naye ana haki ya hewa na ya njia ya kutokea.

Mbeya ina mtihani wake wa ziada. Mwezi wa Juni na Julai baridi huwafanya watu wafunge madirisha na milango, na wengine huingiza jiko la mkaa ili wapate joto. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu anaweza kudhani ana usingizi tu, kumbe anaishiwa. Ishara zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja. Jiko la mkaa libaki nje, na madirisha ya juu yawe wazi.

Kikomo kilichopatikana kwa njia hii kipelekwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la mkoa. Mkaguzi akitaja idadi ndogo zaidi, idadi yake ndiyo itumike.

Sasa tuje kwenye wasiofika, na tuuhamishie mfano wetu Iringa, kwenye mahafali ya madrasa katika ukumbi wa kipimo hichohicho, wageni wakikaa kwenye viti. Kikomo ni watu 180. Wahudumu na walimu ni 10, hivyo nafasi za wageni ni 170. Tuseme daftari za shughuli za nyuma zinaonyesha kwamba kati ya familia nne zinazothibitisha, moja haifiki, na kwamba familia moja huja na watu wanne kwa wastani.

Mwandaaji mwenye hofu ataalika familia 42, ambazo ni watu 168. Zitafika kama 31 au 32, sawa na watu wapatao 126, na zaidi ya viti 40 vitakaa vitupu huku familia nyingine zikiwa zimeambiwa nafasi zimekwisha. Mwandaaji mwepesi naye atasema: kwa kuwa robo hawafiki, nialike 56 ili zifike 42. Hesabu yake inavutia, lakini wastani si ahadi. Siku moja zitafika 40, siku nyingine 45, na karibu nusu ya shughuli zake zitakuwa na watu wa ziada mlangoni.

Njia ya kati ni kupima pia mtawanyiko, yaani kiasi ambacho mahudhurio hupanda na kushuka kuzunguka wastani. Zidisha idadi ya familia zilizoalikwa kwa sehemu ya zinazofika, kisha kwa sehemu ya zisizofika, halafu utafute kipeuo cha pili. Kwa familia 48: mara robo tatu, mara robo moja, ni 9, na kipeuo chake cha pili ni 3. Wastani wa zitakazofika ni 36. Jumlisha mtawanyiko mara mbili, yaani 6, upate 42. Familia 42 ni watu 168, chini ya nafasi 170. Hivyo unaweza kualika familia 48, na ni mara chache sana kuzidiwa. Familia sita zimepata mwaliko bila kuongeza kiti hata kimoja.

Angalia kwamba tumehesabu familia, si mtu mmojammoja. Hilo lina sababu. Mtoto mmoja akiugua, nyumba nzima hubaki. Gari likipatikana, nyumba nzima huja. Watu wanaokuja kwa pamoja hutawanyika zaidi kuliko wanaokuja mmojammoja, na mwenye kuhesabu vichwa peke yake hujipa imani asiyostahili.

Kiwango cha robo nacho hakihami kutoka shughuli moja hadi nyingine. Mvua kubwa ya Machi au msiba mtaani huwazuia wengi kwa pamoja, wakati siku ya Idd, au siku ambayo mtoto mwenyewe anasoma mbele ya hadhara, karibu kila mtu hufika. Wasiofika wakipungua hadi mmoja katika kumi, hesabu ileile haikupi ziada ya maana: alika familia 42 na ukomee hapo. Weka daftari la kila aina ya shughuli peke yake, ukiandika waliothibitisha na waliofika, na pasipo na daftari usitoe mwaliko wa ziada hata mmoja.

Hata hivyo, kwa wastani wa familia 36 watafika watu 144, na viti kama 26 vitabaki. Hivi ni vya familia zilizo kwenye orodha ya akiba. Waambiwe mapema na wazi: “Mko kwenye orodha ya akiba. Nusu saa baada ya shughuli kuanza, viti visivyokaliwa vitatolewa, nasi tutawapigia simu.” Mwenye familia aliyeko Kihesa au Ipogolo atasubiri nyumbani kwa heshima, badala ya kusimama mlangoni na watoto. Wanaofika bila taarifa wasubiri chini ya turubai lililo mbali na milango, kwa sababu umati unaosubiri mlangoni huiziba njia ya wanaotoka.

Mwisho, mlangoni akae mtu mmoja asiye na kazi nyingine, anayehesabu wanaoingia na kuwatoa wanaotoka. Walio ndani wakifika 160, amjulishe msimamizi. Wakifika 180, aingie mmoja pale tu anapotoka mmoja, hata kama anayesubiri ni mgeni mheshimiwa. Na ikiwa orodha ya akiba ina familia nyingi kuliko viti vilivyobaki, jibu si kubana safu. Ni kugawa mahafali mara mbili, asubuhi na baada ya Adhuhuri, na kila awamu ihesabiwe upya tangu mtu wa kwanza.