Mwaliko wa Idd kwa jirani aliye katika Kwaresma

Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii imeingiliana na Kwaresma. Mwaka 2025 Idd el-Fitri iliwakuta Wakatoliki wangali katika mfungo wao, maana Pasaka ilikuwa Aprili 20. Basi anayemwalika jirani Mkatoliki anamwandikia mtu aliyefunga kama yeye. Mimi ningemwandikia hivi mama wa nyumba ya pili:

“Mama, shikamoo. Mfungo wetu unakaribia mwisho, nasi tunaomba mje mle nasi mchana wa Idd, wewe, baba na watoto. Siku yenyewe siwezi kuitaja bado. Jioni ya Ramadhani 29 tunautazama mwezi. Ukiandama, kesho yake ni Idd, usipoandama tunafunga na ya 30. Usiku huohuo tangazo likitoka, nitamtuma mtoto aje kuwapa habari.

Siku hiyo tunamshukuru Mungu aliyetujalia kuufunga mwezi ambao Kurani iliteremshwa. Kufunga siku ya Idd ni haramu, ndiyo maana tunaonja tende asubuhi kabla ya kwenda kuswali. Tena kabla ya swala hiyo tunatoa zakatul-fitri: pishi moja ya chakula, yaani vibaba vinne, karibu kilo mbili na nusu za mchele, kwa kila mtu wa nyumbani, hata mtoto mchanga. Sisi tuko sita, kwa hiyo ukituona tunapima kilo 15 alfajiri, ni za wasiojiweza, ili nao wasihangaike kuomba chakula siku ya furaha. Ikichelewa hadi baada ya swala, huwa sadaka ya kawaida tu.

Tutapika pilau ya nyama na kachumbari, na tambi za nazi. Idd ikiangukia Ijumaa, najua Ijumaa za Kwaresma hamli nyama. Nitawapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Karibuni saa nane, na msibebe chochote.”

Hilo la samaki ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mgeni anayekuta pilau ya nyama siku asiyoila hukaa akisukuma wali pembeni ya sahani, na mwenyeji hudhani chakula hakikumpendeza. Wote wawili wanaona haya kuuliza.

Mengine ni ya kuacha. Barua isilinganishe dini wala isidokeze nani ana haki. Jirani ameitwa kula. Wala isimlazimishe kuja, kwani wapo ambao nadhiri zao za Kwaresma zinawazuia karamu yoyote. Huyo mfunikie sahani yake kwa kawa, umpelekee kabla jiko lake halijawashwa, na kipande cha samaki kando.