Pivoti: Jinsi Bei za Jana Zinavyopanga Ngazi za Leo

Pivoti ya siku ni wastani wa bei tatu za kipindi cha biashara kilichokwisha: bei ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia. Wafanyabiashara waliokuwa wakiuza na kununua kwa sauti katika masoko kama ya Chicago waliipenda kwa sababu ilimalizika kwa kalamu na karatasi kabla soko halijafunguliwa, na haikubadilika mpaka siku iishe. Kutokana na wastani huo hupatikana ngazi za juu, ambako bei inayopanda inatarajiwa kukutana na wauzaji, na ngazi za chini, ambako bei inayoshuka inatarajiwa kukutana na wanunuzi. Za juu ni vizuizi. Za chini ni sapoti.

Kwenye chati, H ni bei ya juu, L ni ya chini, C ni ya kufungia na P ni pivoti yenyewe:

```
P  = (H + L + C) / 3
R1 = 2P - L
S1 = 2P - H
R2 = P + (H - L)
S2 = P - (H - L)
```

Tuseme jana euro dhidi ya dola ilipanda hadi 1.0900, ikashuka hadi 1.0840, na kufunga 1.0885. Jumla ni 3.2625; ikigawanywa kwa tatu, pivoti ni 1.0875. Ukizidisha pivoti mara mbili unapata 2.1750. Toa bei ya chini, kizuizi cha kwanza ni 1.0910; toa bei ya juu, sapoti ya kwanza ni 1.0850. Upana wa jana ulikuwa 0.0060, yaani pipsi 60. Ukiujumlisha kwenye pivoti, kizuizi cha pili ni 1.0935, na ukiutoa, sapoti ya pili ni 1.0815.

Wengi huishia hapo, lakini ndani ya namba hizo kuna jambo ambalo programu ya chati haimwonyeshi mtu. Kutoka S1 hadi R1 ni pipsi 60, sawasawa na upana wa jana, na ndivyo inavyokuwa kila siku. Kanuni imeuchukua uwanja wa jana kama ulivyo na kuusogeza juu kwa pipsi 10. Kinachousogeza ni bei ya kufungia. Katikati ya juu na chini ya jana ni 1.0870, soko lilifunga pipsi 15 juu ya hapo, na uwanja ukasogea theluthi mbili za umbali huo. Soko lingefunga katikati kabisa, R1 ingeangukia juu ya bei ya juu ya jana na S1 juu ya bei ya chini. Kwa hiyo ngazi hizi hubeba dhana moja tu: leo itakuwa na upana kama wa jana, ikielemea kidogo upande ambao jana iliishia.

Dhana hiyo inategemea kujua jana iliisha saa ngapi. Soko la fedha za kigeni halifungwi usiku, hivyo wengi huhesabu siku kuwa imekwisha saa 11 jioni ya New York. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa 6 usiku wakati Marekani imesogeza saa zake mbele, na saa 7 usiku katika miezi mingine. Broka anayefuata saa nyingine atakuwa na H, L na C tofauti, na watu wawili wanaotazama sarafu moja watachora mistari isiyolingana bila yeyote kukosea hesabu.

Kosa baya zaidi hutokea Jumatatu. Baadhi ya chati huipa Jumapili mshumaa wake, ingawa soko huwa wazi kwa saa mbili au tatu tu kabla ya usiku wa manane wa Griniwichi. Upana ukiwa pipsi 12, R1 na S1 za Jumatatu zitakuwa pipsi 12 tu kati yao, na bei itazivuka zote mapema asubuhi. Dalili yake ni rahisi kuiona: wiki ina mishumaa sita ya siku badala ya mitano. Dawa ni kutumia bei za Ijumaa.

Hata namba zikiwa sahihi, kanuni haijui ratiba ya habari. Ripoti ya ajira ya Marekani hutoka kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa 2:30 asubuhi ya New York, na Alhamisi inayoitangulia inaweza kuwa tulivu. Ngazi zilizopatikana kwenye siku tulivu huwa zimebanana, na ripoti hiyo inaweza kuipitisha bei R1 na R2 kwa dakika chache. Kwenye hisa isiyouzwa sana hali hugeuka: hisa iliyouzwa kwa bei moja tu kutwa nzima ina H, L na C zinazofanana, na ngazi zote tano huangukia kwenye namba ileile.