Kunoa Macho na Nywele, Ngozi Ikiachwa

Chukua picha ya bibi harusi iliyopigwa usiku ukumbini, bila flashi, kwa ISO 3200. Uso umependeza, ila ukiukuza kwenye kompyuta unaona chembechembe zimetapakaa, hasa penye kivuli. Mwenye picha anataka macho yaonekane vizuri. Mhariri anasogeza kitelezi cha ukali kulia. Kope zinajitokeza moja moja, naam, lakini mashavu nayo yamekuwa kama msasa, na bibi harusi kaongezewa miaka kumi ambayo hakuiomba.

Kosa si la macho. Programu haijui kope ni nini wala shavu ni nini. Inachofanya ni kutafuta mahali ambapo nukta nyeusi imepakana na nukta nyeupe, kisha inaizidisha ile nyeusi weusi na ile nyeupe weupe, ndipo jicho letu linadhani picha imenoleka. Kope juu ya ngozi ni mpaka wa namna hiyo. Kitundu cha ngozi nacho ni mpaka. Chembe ya kelele ya kamera nayo vilevile. Usipoiambia programu ipite wapi na iache wapi, itanoa vyote kwa mkupuo mmoja.

Katika Lightroom, kitelezi cha kuiambia hivyo kinaitwa Masking, nacho wengi hawakigusi kamwe. Kimekaa chini ya Amount, Radius na Detail, na kwa kawaida faili ghafi hufunguka kikiwa 0, maana yake picha nzima inanolewa. Kwanza punguza chembechembe kwa kitelezi cha Luminance, kama 25 hivi. Kisha bonyeza kitufe cha Alt usikiachie (kwenye Mac ni Option), huku ukivuta Masking kwenda kulia. Picha inageuka nyeusi na nyeupe: palipo peupe patanolewa, palipo peusi hapataguswa. Endelea kuvuta taratibu mpaka mashavu na paji la uso viingie gizani, huku kope, nyusi, ukingo wa midomo na nywele vikibaki vyeupe. Kwa picha kama hii mara nyingi utasimama kati ya 70 na 85, lakini tazama shavu, usitazame namba. Detail iache chini, 10 au 15, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamsha vitu vidogo kabisa, na katika ISO 3200 vitu vidogo kabisa ni kelele.

Sasa ingia machoni kwa brashi ya maski, Sharpness ikiwa +35 hivi, kingo za brashi zikiwa laini. Paka mduara wa mboni, kope na nyusi. Weupe wa jicho uruke, maana humo mna mishipa myekundu ambayo hakuna anayetaka kuhesabiwa. Brashi hii hufuata Radius, Detail na Masking ulizokwisha kuweka, kwa hiyo hata ukiteleza kidogo ukagusa kope la chini, ngozi laini haitaumia sana.

Nywele ndizo ngumu, hasa nyeusi. Sehemu zenye giza hupokea mwanga kidogo, na penye mwanga kidogo ndipo kelele hukaa kwa wingi. Ukinoa nywele zote kwa pamoja, vivuli vilivyo ndani ya msuko vitajaa vumbi la rangi ya kijivu. Paka nywele kwa maski mpya, kisha ikutanishe na Luminance Range kwa Intersect, ukiondoa sehemu za giza kabisa. Kinachobaki ni migongo ya misuko iliyopigwa na taa, na hiyo ndiyo jicho huisoma kama nywele. Zile za nyuma ya shingo ambazo zimetoka nje ya fokasi usiziguse. Na ukiona uzi mweupe umezunguka nywele zilizo mbele ya ukuta angavu, shusha Radius hadi 0.8 au chini yake.

Hila hizi hazirudishi fokasi iliyokosewa. Lenzi ya milimita 85 ikiwa f/1.8, mtu akigeuza kichwa kidogo, jicho la karibu huwa kali na la mbali likafifia. Noa la karibu tu. Ukilazimisha la pili, utapata kingo ngumu zilizozunguka ukungu, na hapo mtazamaji ataona kuna kitu hakiko sawa.

Umebaki mtego mmoja, nao ni dirisha la Export. Pana kisanduku cha Output Sharpening, na hicho hunoa picha nzima, mashavu yakiwemo, bila kuangalia maski zako hata moja. Kwa picha ya uso iliyopigwa gizani, chagua Low, au ondoa alama kabisa.