Upepo Mdogo Kwenye Tairi, Gharama Mara Mbili

Tazama matairi ya teksi zinazosubiri abiria Mwenge au Ubungo, jijini Dar es Salaam. Kwa macho, yote yamejaa. Tairi la siku hizi lina mbavu laini, na hata likiwa na upepo wa kutosha hubonyea kidogo pale linapokanyaga lami. Ndiyo maana tairi lenye psi 32 na lenye psi 24 ni vigumu kuyatofautisha, na teke la dereva halisaidii kitu. Tofauti yake hulipwa mahali pawili: kwenye mafuta na kwenye tairi lenyewe.

Tuanze na mafuta. Kila tairi linapozunguka, sehemu inayogusa barabara hubonyea, kisha hurudia umbo lake ikishanyanyuka. Mpira haurudishi nguvu yote iliyoubonyeza. Sehemu yake hugeuka kuwa joto na kupotea. Nguvu hiyo imetoka kwenye tangi. Upepo ukipungua, tairi hubonyea zaidi, joto linaongezeka, na injini hulazimika kuchoma mafuta zaidi ili gari liende mwendo uleule.

Ni kiasi gani? Idara ya Nishati ya Marekani hutumia makisio haya: kila psi 1 inayopungua kwenye wastani wa matairi yote manne hula takriban asilimia 0.2 ya mafuta. Neno la kushika hapo ni wastani. Tairi moja likipungukiwa psi 8 na matatu yakiwa sawa, wastani umepungua psi 2 tu, na hasara ya mafuta ni kama asilimia 0.4. Yakipungua yote manne kwa psi 8, hasara inafika asilimia 1.6.

Kanuni hiyo inafaa kwa upungufu mdogo. Ukizidi, hasara hupanda kwa kasi kuliko kanuni inavyosema. Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, walipopima gari lenye robo tatu tu ya upepo unaotakiwa, waliona hasara ya asilimia 2 hadi 3. Upepo ulipobaki nusu, hasara ilifika kama asilimia 10 kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, lakini ilikuwa kama asilimia 5 kwa kilomita 130. Sababu ni kwamba kwenye mwendo mkali nguvu nyingi huishia kusukuma hewa iliyo mbele ya gari, hivyo mchango wa tairi unakuwa mdogo.

Sasa tairi lenyewe. Upepo ukiwa mdogo, katikati ya tairi hulegea na mzigo huhamia kwenye mabega yake mawili. Pitisha kiganja juu ya tairi lililotembea hivyo kwa miezi: katikati mifereji bado ina kina, lakini pembeni, kushoto na kulia, pamekuwa laini. Tairi hilo litatupwa likiwa na mpira mwingi uliobaki. Likilika upande mmoja tu, usilaumu upepo. Hapo gari linahitaji kupimwa alaimenti. Na likilika katikati tu, upepo umezidi.

Makisio yanayotumika sana katika biashara ya matairi ni kwamba upungufu wa asilimia 20 hukata karibu robo ya maisha ya tairi. Tuyachukue hayo, tuingize hesabu.

Tuseme una gari dogo la teksi. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataka psi 32. Umepima asubuhi ukakuta wastani wa psi 24, yaani robo haipo. Gari linatembea kilomita 4,500 kwa mwezi na linakwenda kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo linakunywa lita 375. Tuweke petroli shilingi 3,000 kwa lita. Wewe utaweka bei ya sheli yako.

Hesabu ya mafuta ni hii:

Hasara kwa mwezi = psi zilizopungua × 0.002 × lita za mwezi × bei ya lita

Yaani 8 × 0.002 × 375 × 3,000. Jibu ni shilingi 18,000, thamani ya lita 6. Ukitumia kiwango cha juu cha Oak Ridge, asilimia 3, unapata lita 11 na robo, karibu shilingi 34,000. Ukweli upo kati ya hizo mbili.

Hesabu ya tairi haihitaji kanuni ngumu: gawa bei ya seti kwa kilomita inazotembea. Tuseme matairi manne yamekugharimu shilingi 600,000 na yangefika kilomita 40,000. Hiyo ni shilingi 15 kwa kilomita. Yakikatwa robo ya maisha, yatafika kilomita 30,000, na kila kilomita itakugharimu shilingi 20. Tofauti ya shilingi 5, mara kilomita 4,500, ni shilingi 22,500 kwa mwezi.

Ukijumlisha, gari hili linapoteza kati ya shilingi 40,500 na 56,250 kila mwezi. Angalia pia uwiano: hasara ya tairi inakaribia ile ya mafuta, na huenda ikaizidi. Wengi hawaihesabu kwa sababu hailipwi kila siku. Huja mara moja, siku ya kununua seti mpya.

Usitegemee mshale wa mafuta ukuthibitishie akiba hii. Asilimia 2 ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na foleni ya siku moja au na namna ulivyojaza tangi. Ndiyo maana unakisia kwa hesabu, na kinachohitajika ni kipimo cha upepo cha kuaminika.

Pima gari likiwa limepoa, limesimama saa tatu au zaidi, maana likitembea joto hupandisha kipimo kwa psi kadhaa. Ukikuta psi 34 baada ya safari, usipunguze. Likipoa huenda likawa pungufu. Namba ya kufuata ni ile ya kibandiko cha gari. Iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvuka. Baadhi ya vibandiko vina namba ya pili kwa gari lililojaa abiria na mizigo, nayo ndiyo ya kutumia ukisafiri hivyo. Wala usijaze zaidi ya hapo ukidhani utaokoa zaidi: tairi litalika katikati na kushika barabara kwa eneo dogo.

Tairi zima lisilo na pancha hupoteza kama psi 1 kila mwezi, bila dalili yoyote. Kwa hiyo kagua mara moja kwa mwezi, na kabla ya safari ndefu. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, pima matairi yote manne, andika namba, toa wastani wake kwenye ile ya kibandiko, kisha ingiza jibu kwenye kanuni hapo juu.