Mkono Usiruke: Kuhama kutoka FK kwenda IK Katikati ya Mwendo

Mhusika wa katuni anatembea kuelekea mezani, mkono wake wa kushoto ukiyumba ubavuni. Anafika, anaweka kiganja juu ya meza, anaanza kuegemea. Hapo hapo kiganja kinatoweka mezani na kutokea usawa wa kiuno, bila kupita njia yoyote kati ya sehemu hizo mbili. Mtazamaji hajui kilichotokea, ila ameona kwamba kuna kitu kimeharibika. Aliyetengeneza mwendo huo anajua: amebadilisha swichi ya mkono kutoka FK kwenda IK, na mikono hiyo miwili haikuwa mahali pamoja.

Mkono wa mhusika wa kompyuta una mifupa ya kubuni iliyofungwa ndani ya ngozi yake, na mpangilio mzima wa mifupa hiyo na vidhibiti vyake huitwa rigi. Katika FK, mhuishaji anazungusha mfupa wa bega, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono; kiganja kinaishia popote mizunguko hiyo itakapokifikisha. Njia hii inafaa sana mkono unaoning'inia, kwa sababu mwendo wake huchora tao bila kulazimishwa. Katika IK mambo yanaanzia upande wa pili. Mhuishaji anaweka kiganja anapotaka, na programu inakokotoa pembe za bega na kiwiko zitakazokifikisha hapo. Hesabu hizi zilikuwa zikitumika kwenye roboti, na mwaka 1985 Michael Girard na Anthony Maciejewski walionyesha jinsi ya kuzitumia kuendesha miguu ya wahusika wa kompyuta.

Ukitaka kuhisi tofauti yake, weka kiganja mezani kisha sogeza bega mbele na nyuma. Kiganja hakitoki mahali pake. Kiwiko ndicho kinachokunjuka na kujikunja. Kufanya hivyo kwa FK ni taabu, maana kila kiwiliwili kinapoinama kiganja nacho kinateleza juu ya meza, na mhuishaji analazimika kukirudisha fremu baada ya fremu. Ndiyo maana rigi nzuri humpa njia zote mbili pamoja na swichi ya kuchagua. Katika Rigify, kiongezi kinachokuja na programu huria ya Blender, swichi hiyo inaitwa `IK_FK`: ikiwa 0 mkono unafuata IK, ikiwa 1 unafuata FK.

Ndani ya rigi ya namna hii kuna mikono mitatu. Mmoja ni wa FK, wa pili ni wa IK, na wa tatu ndio ulioshika ngozi, ambao wenyewe hauamui chochote bali huiga mmoja kati ya ile miwili. Swichi inaamua tu nani aigwe. Mhusika anapotembea kwa FK, mkono wa IK haufuati. Kidhibiti chake kimebaki pale kilipoachwa mara ya mwisho, pengine kiunoni. Swichi ikibadilishwa, ngozi inakwenda kiunoni. Kwa hiyo chanzo cha mruko si swichi. Mikono hiyo ilikuwa imeachana tangu mapema, na kazi ya kuzuia mruko ni kuupeleka mkono uliojificha ukalale juu ya ule unaoonekana kabla ya kubadilisha.

Tuchukue mfano wa yule mhusika wa mezani. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, na kiganja kinagusa meza kwenye fremu ya 48. Mfupa wa juu wa mkono, kutoka bega hadi kiwiko, una sentimita 30. Kigasha kina sentimita 25. Katika fremu hiyo mkono wa FK umesimama hivi: mfupa wa juu umeelekea chini wima, na kigasha kimenyooka mbele, kiwiko kikiwa na pembe ya nyuzi 90. Ukipima kutoka begani, kifundo kiko sentimita 25 mbele na 30 chini, umbali wa sentimita 39 hivi kwa mstari ulionyooka.

Hatua ya kwanza ni kupeleka kidhibiti cha IK kwenye kifundo hicho. Kunakili mahali peke yake hakutoshi, kwa sababu kiganja kina mwelekeo pia. Programu huhifadhi mahali, mwelekeo na ukubwa wa mfupa katika jedwali moja la namba 16, na jedwali hilo ndilo la kunakiliwa zima. Kuna mtego hapa. Mara nyingi aliyejenga rigi ameuchora mfupa wa kidhibiti cha IK ukielekea upande tofauti na mfupa wa kiganja cha FK, ili uwe rahisi kushika kwenye skrini. Jedwali likinakiliwa kama lilivyo, kiganja kitafika mahali sahihi kikiwa kimepinda, pengine kwa nyuzi 90 kamili. Dawa yake ni kuhesabu tofauti ya mifupa hiyo miwili ikiwa katika hali ya mapumziko, kisha kuipitisha kwenye nakala. Katika Blender inaandikwa hivi:

```python
ik.matrix = fk.matrix @ fk.bone.matrix_local.inverted() @ ik.bone.matrix_local
bpy.context.view_layer.update()
```

Mstari wa pili unaiambia programu ikokotoe upya kila kitu kabla ya kuendelea. Wengi huusahau, kisha wakashangaa kuona hatua inayofuata inatumia namba za zamani.

Sasa kiganja kimekaa vizuri. Lakini kiwiko je? Bega na kifundo vikishikiliwa mahali pake, kiwiko bado kiko huru kuzunguka kwenye duara lililouzunguka mstari unaoviunganisha. Kwa mkono wetu, nusu kipenyo ya duara hilo ni sentimita 19 na ushei. Kiwiko kinaweza kuwa nyuma, nje au ndani karibu na mbavu, na katika hali zote hizo urefu wa mifupa haubadiliki na kiganja hakiondoki mezani. Kinachochagua ni kidhibiti cha pili, kielekezi cha kiwiko, ambacho ni nukta tu inayoelea hewani na kiwiko hugeukia upande wake. Kielekezi kikisahauliwa, kiganja kitatulia lakini kiwiko ndicho kitakachoruka, na kosa hilo ni gumu zaidi kuliona kwa sababu jicho la mhuishaji liko kwenye kiganja.

Mahali pa kielekezi panapatikana kwa hesabu ya shule ya sekondari. Chora mstari kutoka bega hadi kifundo, kisha tafuta nukta kwenye mstari huo iliyo karibu zaidi na kiwiko. Kwa mfano wetu, nukta hiyo iko asilimia 59 ya safari kutoka begani, yaani sentimita 14.8 mbele na 17.7 chini. Kutoka hapo piga mstari kupita kiwikoni na uendelee kwa urefu unaoutaka. Ukiweka kielekezi sentimita 50 kupita kiwiko, kitakuwa sentimita 38 nyuma ya bega na 62 chini yake. Urefu huo wa 50 haubadilishi mkunjo hata kidogo. Unasaidia tu kielekezi kisikaribie mno mwili, kwa sababu kikiwa karibu, msogeo mdogo wa kiwiliwili unakigeuza kiwiko kupita kiasi.

Hatua ya tatu ni kuweka fremu kuu, na hapa kazi nzuri ya hesabu inaweza kuharibika tena. Kidhibiti cha IK na kielekezi vinawekewa fremu kuu kwenye 48. Swichi inawekewa fremu kuu mbili: 1 kwenye fremu ya 47, na 0 kwenye fremu ya 48. Kisha mchoro wa swichi unabadilishwa kuwa wa ngazi, ambao Blender inauita `Constant`. Ukiachwa kuwa mteremko, na fremu kuu zake zikiwa mbali, tuseme ya 30 na ya 48, ngozi itakaa fremu 17 ikifuata mchanganyiko wa mikono miwili iliyooanishwa kwenye fremu moja tu. Kiganja kitavutwa pembeni ya njia yake, bila mruko mkali lakini kwa mwendo ambao hakuna aliyeuchora.

Namna ya kujua kama umefaulu ni rahisi. Simama kwenye fremu ya 48, badilisha swichi kwa mkono, 0 kisha 1 kisha 0. Hakuna kinachotakiwa kusogea: kiganja, kiwiko, wala mikunjo ya ngozi.

Mhusika akiinua kiganja kutoka mezani, tuseme kwenye fremu ya 96, safari ya kurudi FK ni nyepesi, kwa kuwa FK haihitaji kutafuta chochote. Mizunguko ya mkono wa IK inanakiliwa mfupa kwa mfupa. Sharti ni kuanzia begani, kisha kigasha, kisha kiganja, na kukokotoa upya kila baada ya mfupa, maana kila mmoja unabebwa na uliotangulia. Ukianza na kiganja, utakiweka sawasawa halafu bega litakihamisha.

Hesabu ya kielekezi ina mahali inapokwama. Mkono ukinyooka kabisa, kiwiko kinaangukia juu ya mstari wenyewe, na hakuna tena upande wa kuelekea. Programu itatoa kosa, au itachagua upande wowote. Mkunjo wa nyuzi 5 tu unaliondoa tatizo hilo: kiwiko kinatoka nje ya mstari kwa sentimita 1.2 hivi, na hiyo inatosha kuonyesha upande. Wajenzi makini wa rigi huongeza njia ya akiba, wakichukua mwelekeo kutoka kwenye mhimili wa mfupa wa juu pale umbali unapokuwa mdogo mno.

Kuna jambo ambalo kuoanisha hakuwezi kulirekebisha. Katika FK mhuishaji anaweza kukizungusha kigasha kwa urefu wake ili kugeuza kiganja. Katika rigi nyingi IK haina mzunguko huo, kwani kigasha hufuata upande wa kiwiko na kugeuka kote hufanyika kifundoni. Matokeo yake kiganja na kiwiko vinabaki palepale, ila ngozi iliyo kati yao inajisokota ghafla. Ukiona hivyo usitafute kosa kwenye namba. Rigi inahitaji mifupa midogo ya kigasha inayogawana mzunguko kutoka kwenye kiganja, katika FK na IK sawia.

Mwisho kuna mwendokasi. Oanisho linalinda mahali pa kiganja kwenye fremu moja. Halijui kiganja kilikuwa kinakwenda kasi gani. Swichi ikibadilishwa mkono ukiwa katikati ya kurusha mpira, FK inaukabidhi ukiwa mbioni na fremu kuu ya kwanza ya IK inaupokea kana kwamba umesimama. Kiganja hakiruki, ila kinashtuka. Mhuishaji anaweza kuurekebisha mteremko wa mchoro wa IK ufanane na kasi iliyotangulia, kazi ya kuchosha kwenye mihimili mitatu. Kwa hiyo wengi huichagua fremu ambayo kiganja kimesimama chenyewe: kilipogusa meza, au kilipofika kileleni mwa tao kabla ya kuanza kushuka.