Tanjenti ya Newton: inapowahi na inapozunguka

Mlinganyo x³ − 2x − 5 = 0 ndio Isaac Newton aliouchagua mwaka 1669 kuonyesha njia yake ya kukadiria jibu. Yeye aliufanya kwa aljebra tupu. Sura tunayofundishwa leo, yenye kalkulasi ndani yake, iliandikwa na Thomas Simpson mwaka 1740.

Wazo lenyewe ni jepesi. Unakisia namba, unachora tanjenti inayougusa mchoro hapo, kisha unaifuata hadi inapokata mhimili wa x. Hapo ndipo penye kisio jipya. Kwa hesabu: gawanya thamani ya f kwa mteremko wake, halafu toa jawabu kwenye kisio ulichonacho.

Mteremko wa mlinganyo huu ni 3x² − 2. Tuanze na 2. Thamani ni −1, mteremko 10, kwa hiyo tunahamia 2.1. Hapo thamani ni 0.061 na mteremko 11.23, tunapata 2.094568. Hatua ya tatu inatoa 2.0945514817, na jibu la kweli ni 2.0945514815 na ushee. Angalia kosa linavyopungua: takriban 0.09, kisha 0.005, kisha 0.00002, kisha tarakimu tisa za desimali zimekaa sawa. Karibu na jibu, kosa jipya hulingana na mraba wa kosa lililotangulia, ndiyo maana tarakimu sahihi huelekea kuongezeka maradufu kila hatua.

Lakini ahadi hiyo ni ya aliye karibu. Mlinganyo huohuo ukianzia 0.82, mteremko ni 0.0172 tu. Tanjenti imelala karibu sambamba na mhimili, nayo inakurusha hadi kwenye 355 hivi. Utarudi, ila kwa hatua nyingi za kuchosha.

Kuna balaa la kimyakimya zaidi. Badili −5 iwe +2, uanze na sifuri. Thamani ni 2, mteremko −2, unaenda 1. Hapo thamani ni 1 na mteremko 1, unarudi sifuri. Utazunguka hivyo milele. Wala kusogea kidogo hakukuokoi: ukianza na 0.1 unapata 1.014, kisha 0.080, na taratibu unavutwa kwenye mzunguko uleule.

Dalili iko kwenye masahihisho, yaani tofauti kati ya kisio na kisio. Yakikataa kusinyaa, simama. Usiongeze hatua, tafuta pa kuanzia kwingine. Mimi hutazama kwanza alama inabadilika wapi. Kwa x³ − 2x + 2, thamani ni −2 kwenye x = −2, na 3 kwenye x = −1, hivyo jibu limo katikati yake. Anzia −2: unapata −1.8, kisha −1.76995, na hatua inayofuata inatua −1.7693.