Mawe Yanayohesabiwa Kuwa Udongo

Upande wa mashariki wa Nairobi, katika mitaa kama Umoja, Kayole na Embakasi, ardhi ya asili aghalabu si ule udongo mwekundu wa Kabete, bali ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Na kwa kuwa udongo wa namna hiyo hauaminiki kubeba msingi wa nyumba, wajenzi huuchimbua wakaleta badala yake mawe na moramu. Ndiyo sababu mtu akichimba katika kiwanja kilicho wazi baina ya majengo, au katika shamba dogo la sukuma wiki nyuma ya nyumba, hukuta kokoto, vipande vya matofali na mabonge ya saruji yaliyochanganyika na udongo wenyewe.

Kaboni itokanayo na mimea na wadudu waliooza hukaa katika udongo laini, yaani ule upitao katika chekeche ya matundu ya milimita 2. Kinachobaki juu ya chekeche huhesabiwa kuwa ni mawe, na maabara hupima udongo laini peke yake. Jawabu la maabara likiwa asilimia 2, basi ni asilimia 2 ya udongo laini, wala si ya kila kitu kilichotoka shimoni. Na hapa ndipo hisabu nyingi zinapoharibikia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika ardhi yenye mawe, ile pete ndogo ya chuma inayopigwa nyundo ardhini ili kupima uzito wa udongo kwa lita haifai, kwani hugonga kokoto ikapinda, au mpimaji akaihamisha mahali pasipo na mawe na hivyo akajidanganya mwenyewe. Heri achimbe shimo la mraba, takribani sentimita 18 kila upande, na kina cha sentimita 30 kamili, alitandike karatasi nyembamba ya plastiki, kisha alijaze maji kwa kipimo. Tuseme yameingia lita 10. Vyote vilivyotoka shimoni, vikikaushwa katika tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena, ni kilo 13.4, mawe yakichekechwa na kuoshwa ni kilo 3.9, na udongo laini ni kilo 9.5.

Sasa hekta moja kwa kina cha sentimita 30 ni lita milioni 3, na kila lita ya shimo letu ilikuwa na kilo 0.95 za udongo laini, basi hekta ina tani 2,850 za udongo huo, na asilimia 2 yake ni tani 57 za kaboni. Mtu aliyesahau mawe, akachukua kilo 1.34 kwa lita, atapata tani 80, ilhali tani 23 miongoni mwake ni za kokoto zisizo na mboji hata chembe.

Kosa la pili ni la mwenye bidii kupita kiasi. Mawe yale, yakizamishwa majini baada ya kulowekwa (maana tofali hunywa maji), yanachukua nafasi ya lita 1.5, yaani asilimia 15 ya shimo. Huyu bwana huchukua tani 57 zetu akazipunguza tena kwa asilimia 15, akaandika 48. Walakini nafasi ya mawe ilikwisha kuondolewa pale udongo laini ulipogawanywa kwa ujazo wa shimo zima. Punguzo hilo lingemstahili tu aliyegawanya kilo 9.5 kwa lita 8.5, yaani nafasi ya udongo bila mawe. Naye asipopunguza ataandika tani 67.

Saruji nayo ina hila yake. Kaboni iliyo katika chokaa si ya mboji, lakini kipimo cha kuchoma udongo kwa joto kali huihesabu pia. Dondoshea sampuli tindikali hafifu: ikitoa povu, iambie maabara iondoe chokaa kwanza.

Likabakia suala la kina, ambalo kwa udongo mweusi ni zito kuliko yote. Tuseme mahali pasipo na mawe, wakati wa masika lita moja ina kilo 1.1 za udongo mkavu, na kiangazi, udongo ukiisha kujikunja, ina kilo 1.25. Kwa sentimita 30 zile zile, hekta itakuwa na tani 3,300 kwanza, kisha 3,750. Na kwa asilimia 2 kaboni itaonekana kupanda kutoka tani 66 hadi 75, pasipo hata jani moja kuongezwa. Dawa yake ni kulinganisha uzito ule ule wa udongo badala ya kina kile kile: tani 3,300 za kiangazi zinakwisha katika sentimita 26.4.

Basi msomaji akiletewa habari kwamba bustani ya mtaa wake imeongeza tani kadha wa kadha za kaboni kwa hekta, na aulize udongo ulipimwa msimu gani kila mara, na mawe yaliondolewa mara ngapi.